Kodi juu ya silabi: jinsi ya kunakili bila kuzihamisha

Karatasi ya maneno ya wimbo yenye kodi ina mistari miwili miwili: juu kodi za gitaa au kinanda, chini maneno. Jina la kodi linaandikwa juu ya silabi ambayo mpigaji anapaswa kubadilisha vidole. Kwa hiyo nafasi iliyo kati ya kodi moja na nyingine nayo ni sehemu ya muziki, ingawa haina wino. Chukua mstari huu:

```
    G       C         D
Nimerudi nyumbani kwa mama
```

G imekaa juu ya "ru", C juu ya "mba", D juu ya "ma" ya kwanza. "Nime" inaimbwa kabla ya kodi kuingia, na anayenakili kwa haraka huisukuma G hadi mwanzo wa mstari, akiona ndiyo sehemu yake ya kawaida. Akishafanya hivyo, gitaa linamtangulia mwimbaji.

Mstari huo umenyooka kwa sababu fonti yake ina herufi za upana sawa, kama Courier. Ubandike kwenye hati ya Arial uone. Humo nafasi tupu ni nyembamba kuliko herufi nyingi, basi kodi zote zinateleza kushoto: G inaangukia "me", C inaishia juu ya "di" ya "Nimerudi", na D inakwenda kukaa juu ya "mba", mahali pa C. Hili la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi, maana karatasi bado inaonekana safi. Mpiga kinanda asiyeujua wimbo atapiga D pale kwa imani kamili.

Dawa ninayoiamini ni kuifunga kodi kwenye silabi yenyewe, ndani ya mabano ya mraba. Mfumo huu unaitwa ChordPro:

```
Nime[G]rudi nyu[C]mbani kwa [D]mama
```

Sasa badilisha fonti upendavyo, au acha simu ikate mstari katikati; C haiachani na "mba". Programu zinazosoma ChordPro huzipandisha kodi juu ya maneno zenyewe wakati wa kuchapa. Hata ukiibadilisha G kuwa F#m, hakuna kinachosogea, ilhali kwenye mistari miwili herufi mbili za ziada zingezisukuma C na D kulia.

Ukimaliza, yafute mabano yote pamoja na kodi zilizomo kwenye nakala ya pembeni. Maneno yanayobaki yawe yaleyale ya wimbo, bila nafasi iliyoongezeka katikati ya neno. Kisha imba ukipiga kofi kila unapofika kwenye mabano. Beti ya pili ifanyie kazi hiyo upya, kwani ikiwa na silabi moja zaidi mwanzoni, kodi za beti ya kwanza hazitaikaa. Mabano hayasemi kodi idumu mapigo mangapi. Hilo bado linasikilizwa kwenye wimbo wenyewe.