"Mengine tutaongea mkutanoni" si lengo la mkutano

Jumatatu nimeletewa rasimu ya barua ya kumwomba mfadhili mkutano. Ni ya tatu mwaka huu yenye maneno yaleyale, kana kwamba kuna mhuri wake mahali: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba kukutana nanyi ili kujadili ripoti yetu kama ilivyowasilishwa. Nyaraka husika zimeambatanishwa." Nikampigia aliyeiandika, nikamuuliza mnakwenda kujadili nini hasa. Akacheka. "Dada, ukiwaandikia kila kitu watajibu kwa barua, hatutakutana. Mengine tutaongea mkutanoni."

Imani hii imenichosha. Watu wanadhani barua ya kuomba mkutano ni kubisha hodi tu, habari zenyewe ni za sebuleni. Kwa jirani, sawa. Kwa mfadhili, unayemwandikia ni afisa miradi, na mara nyingi yeye haamui peke yake. Nyuma yake kuna mtu wa fedha na mtu wa mikataba, na hao hawamo kwenye mkutano kwa sababu hakuna aliyejua kwamba watahitajika. Basi afisa anakuja na daftari lake, anasikiliza kwa adabu, anatikisa kichwa, anasema "nitawarudia". Mmepoteza wiki mbili, na swali lenu sasa linasimuliwa kwa wakubwa na mtu aliyelisikia mara moja.

Mwaka jana nilisaidia kuandika barua moja ambayo bado naitumia kufundishia. Ulikuwa mradi wa miezi 12 wa mafunzo ya walimu, unaisha tarehe 30 Novemba. Mpango ulikuwa mafunzo 6, kila moja washiriki 30. Ripoti ya miezi 9 ilikwenda kwa mfadhili mapema Septemba ikisema mafunzo 4 yamefanyika na "mawili yaliyobaki yatakamilishwa kwa fedha iliyobaki". Viongozi wa mradi walitaka mkutano "kujadili ucheleweshaji".

Nikafungua ripoti ya fedha. Kifungu cha mafunzo kilikuwa kimetumika asilimia 75.

Hapo ndipo ninapowaomba watu waweke kalamu chini wapige hesabu kabla ya kuandika neno. Mafunzo 4 kati ya 6 ni theluthi mbili ya kazi, lakini yamekula robo tatu ya fedha. Gawanya 75 kwa 4: kila mafunzo yamegharimu asilimia 18.75 ya kifungu. Mawili yaliyobaki, kwa bei hiyohiyo, yanataka asilimia 37.5. Iliyobaki ni 25. Pengo ni asilimia 12.5. Kwa hiyo ucheleweshaji, waliouona wao, haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba sentensi moja ya ripoti haikuwa ya kweli, na mtu wa fedha wa mfadhili angeigundua kwa kikokotoo cha simu.

Mkataba wao uliruhusu kuhamisha fedha kati ya vifungu hadi asilimia 10 ya kifungu kinachoongezewa bila kuomba. Zaidi ya hapo, kibali cha maandishi kabla ya kutumia. Vikomo hutofautiana mkataba na mkataba, na namna ya kuvihesabu pia hutofautiana, kwa hiyo soma wako, usikariri wangu. Kwa huu, 12.5 ilivuka. Hilo ndilo lililokuwa lengo la mkutano, na lilikuwa limejificha chini ya neno "kujadili".

Barua ikawa hivi, nikiondoa salamu:

"Yah: Ombi la mkutano wa dakika 45 kuhusu kifungu cha mafunzo, ripoti ya miezi 9

Tunaomba kukutana nanyi kati ya tarehe 24 Septemba na 2 Oktoba, ana kwa ana au mtandaoni. Ripoti yetu ilieleza kuwa mafunzo mawili yaliyobaki yatafanyika kwa fedha iliyobaki. Baada ya kuipitia upya tumebaini kuwa fedha hiyo haitoshi kwa mafunzo yote mawili. Tunaomba uamuzi wenu juu ya mojawapo ya njia mbili: (a) kuhamisha kiasi sawa na asilimia 12.5 ya kifungu cha mafunzo kutoka kifungu cha ufuatiliaji, ambacho kina bakaa. Au (b) kufanya mafunzo moja, na lengo la washiriki lipungue kutoka 180 hadi 150. Tunapendekeza (a). Ili maandalizi yawahi kabla ya 30 Novemba, tunahitaji jibu la maandishi ifikapo 15 Oktoba. Tutashukuru endapo mhusika wa fedha kwa upande wenu atahudhuria."

Kuna mambo mawili humo yanayobishaniwa kila mara.

La kwanza ni kukiri kosa kwenye maandishi. Mkurugenzi wao alitaka sentensi ya "baada ya kuipitia upya tumebaini" iondolewe, akaogopa kwamba inabaki kwenye faili milele. Naam, inabaki, na mimi ndicho ninachokitaka. Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni kwenye kazi hii, tulizidisha matumizi ya kifungu kimoja, tukaomba mkutano wa "kubadilishana mawazo", tukamweleza afisa kwa mdomo. Akasema, "Sioni tatizo." Tukatoka tumefurahi. Wakaguzi walipokuja, afisa alikuwa ameshahamia kazi nyingine na hakukuwa na karatasi hata moja. Gharama zilikataliwa, shirika likazilipa kwa fedha zake. "Sioni tatizo" haikaguliki. Baadhi ya kanuni zinasema hivyo waziwazi: kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, kifungu cha 2 CFR 200.308, zinapompa mpokeaji ruhusa ya kujiongezea muda mara moja, bado zinamtaka atoe taarifa ya maandishi angalau siku 10 za kalenda kabla kipindi cha ruzuku hakijaisha. Maandishi, na kabla.

La pili ni kutoa pendekezo. Wengi huona ni utovu wa adabu kumwambia mfadhili "tunapendekeza (a)". Nadhani adabu inachanganywa na kuficha. Mfadhili anayeulizwa "mnatushaurije?" anabeba kazi ambayo ni yako, na wengine hukimbilia jibu rahisi zaidi kwao: rudisheni bakaa.

Sasa viambatisho. "Nyaraka husika zimeambatanishwa" ni sentensi isiyosema lolote, na kama faili moja limesahaulika, hakuna atakayejua. Kila kiambatisho kitajwe kwa jina, kurasa, na kazi yake. Kwenye barua ile vilikuwa vitatu tu:

```
01_Ripoti_miezi9_kama_ilivyowasilishwa.pdf
02_Maelezo_ya_tofauti_kifungu_cha_mafunzo.pdf
03_Bajeti_inayopendekezwa_njia_a_na_b.xlsx
```

Cha kwanza ndicho kinachonipandisha presha. Watu wakigundua kosa kwenye ripoti wanalirekebisha kimyakimya, wanaambatisha toleo jipya kwa jina lilelile la faili. Usifanye hivyo, hata kama ni tarakimu moja. Mfadhili tayari analo la kwanza, na siku matoleo haya mawili yatakapowekwa bega kwa bega, swali halitakuwa tena la mafunzo, litakuwa la uaminifu. Ambatisha ileile waliyonayo, halafu kosa lielezwe kwenye kiambatisho cha pili: ukurasa fulani ulisema hivi, sahihi ni hivi, sababu ni hii. Maelezo yale yalikuwa ukurasa mmoja na nusu. Sababu yenyewe ilichukua mistari minne: kumbi mbili zilibadilishwa baada ya malipo ya awali, na walimu wa mbali wakahitaji usiku mmoja wa ziada wa malazi. Kiambatisho cha tatu kiliachwa kwenye jedwali lenye fomula zake, kwa sababu mtu wa fedha atataka kubadilisha namba aone kinachotokea. Ukimpa PDF atazichapa upya, naye atakosea.

Leja na stakabadhi hatukuambatisha. Tuliandika kwamba zipo na zitatolewa zikihitajika. Hapa nakiri sina uhakika. Nimewahi kukutana na mtu wa fedha aliyesema kukosekana kwa leja kulimfanya ashuku, na mwingine aliyelalamika kwamba kurasa 60 za stakabadhi zilimficha ukurasa mmoja aliouhitaji. Mimi huegemea upande wa huyu wa pili, ila sitagombana na mtu.

Jingine nisilo na jibu lake ni simu. Je, umpigie afisa kabla ya barua ili habari mbaya isimkute kwenye kikasha mbele ya bosi wake? Mara nyingi napiga, dakika tatu, nasema barua inakuja na ina nini. Lakini nimeshawahi kuambiwa kwenye simu hiyo "basi msiandike kwanza", nikajikuta nimebanwa: niandike nionekane mkaidi, au ninyamaze siku ziendelee kwisha. Niliandika. Uhusiano ulipoa kwa muda.

Kuna jambo moja ambalo barua ya namna hii si mahali pake kabisa. Kama pengo limetokana na wizi au hati za kughushi, au hata shaka tu ya hayo, usiombe mkutano wa kujadili ripoti. Mikataba mingi ina njia yake ya kutoa taarifa ya udanganyifu, yenye muda mfupi sana na anwani yake. Ukiichanganya na ajenda ya mafunzo utaonekana ulikuwa unaipoza.

Turudi kwa wale walimu. Afisa alijibu siku ya tatu, akaja na mtu wa fedha. Mkutano haukufika dakika 45, nadhani ulikuwa kama 20, kwa sababu wote wawili walikuwa wameshafungua jedwali. Mtu wa fedha aliuliza swali moja tu: kwa nini kifungu cha ufuatiliaji kina bakaa? Jibu lilikuwemo kwenye ukurasa wa pili wa maelezo, ziara mbili ziliunganishwa kuwa safari moja. Wakakubali (a) kwa mdomo. Jioni ileile tukawatumia muhtasari wa mistari sita, tukiomba wauthibitishe, na tukawakumbusha kwamba hatutahamisha chochote hadi barua ije.

Barua ya marekebisho ya mkataba ikaja tarehe 13 Oktoba, siku mbili kabla ya ukomo wetu. Kiasi sawa, vifungu sawa, sahihi mbili, na mwisho wa mradi umeandikwa 31 Novemba. Mkurugenzi akasema tuiache, kila mtu anajua Novemba ina siku 30. Nikafungua barua pepe mpya: "Yah: Ombi la kusahihisha tarehe, ukurasa wa 2, aya ya 3."