Barua ya kuandika upya ni nini?

Mhariri akimaliza kusoma mswada dhaifu, huwa na njia tatu. Anaweza kuukataa, anaweza kuupokea na kuanza kusahihisha, au anaweza kumwandikia mwandishi barua ya kuandika upya. Hii ya tatu huandikwa pale mhariri anapoona kwamba kitabu kimo humo ndani, ila bado hakijaandikwa. Barua humweleza mwandishi kitabu hicho ni kipi, nini kifanywe kwanza, na nini kisiguswe kwa sasa.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa historia iliyomo ni ya kweli. Mwalimu mstaafu wa Iringa ameleta mswada wa kurasa 180 kuhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Unaanza na Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Unapita Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Unaeleza kuanguka kwa Kalenga, ngome yake, mwaka 1894, kifo cha Mkwawa mwaka 1898, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kila tukio limepewa sura yake na hakuna linalozidi lingine uzito. Kwa kweli ni notisi za darasani zilizotiwa jalada.

Lakini kuanzia ukurasa wa 94 kuna kurasa tano ambazo wazee wa vijiji vya karibu na Kalenga wanasimulia waliyoyasikia kwa bibi zao: nani alimpelekea Mkwawa chakula porini alikojificha, nani alijua na akanyamaza. Hapo mswada unapumua. Mhariri, ambaye kiumri ni kama mwanawe, anaandika hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nimeusoma mswada wako wote. Kurasa 94 hadi 98 sijapata kuzisoma kwingine, nami naomba kitabu kizima kijengwe juu yake. Swali lake liwe moja: baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa aliishije mafichoni karibu miaka minne bila kukamatwa, ilhali Wajerumani walimsaka na kutangaza zawadi kwa atakayemleta? Kisichosaidia kujibu swali hilo kitoke, hata kama ni kweli. Berlin itoke yote. Lugalo ibaki, kwa kurasa chache, ili msomaji ajue kwa nini walimwogopa.

"La pili ni vyanzo. Ukurasa wa 120 unasema Wajerumani walimpiga risasi, na wa 131 unasema alijipiga mwenyewe. Kilichothibitika ni kwamba alijiua asikamatwe. Kila mahali tuonyeshe ni mzee gani anasema, na ni wapi tunategemea maandishi ya maofisa wa Kijerumani. Wakipingana, waache wapingane mbele ya msomaji.

"Tahajia, nukta na aya ndefu usiziguse sasa. Tutazishughulikia mwishoni.

"Kabla ya kuandika upya, naomba muhtasari wa kurasa mbili: sura zitakuwa zipi, na kila moja inajibu nini."

Ombi la kutogusa nukta ndilo waandishi wengi hulishangaa. Sababu yake ni kwamba mtu hapigi plasta ukuta utakaobomolewa. Mhariri akirudisha kurasa 180 zenye wino mwekundu kila mstari, mwandishi atafanya kazi iliyo rahisi kuonekana: atarekebisha koma mia tatu, atarudisha mswada baada ya wiki moja, na Berlin itakuwa bado imekaa palepale mwanzoni. Ukiona rasimu ya pili imewahi mno na sura ni zilezile, mara nyingi kosa ni la barua. Ilitaja mambo ishirini kwa sauti moja, mwandishi akachagua yaliyo mepesi.

Kwa hiyo mambo makubwa yawe mawili, matatu yakizidi, na yafuatane kwa utegemezi. Vyanzo vimewekwa baada ya swali kuu kwa sababu hakuna haja ya kuhakiki tarehe za sura inayofutwa. Kila dai pia lishikwe kwa namba ya ukurasa. "Simulizi haina mvuto" halimsaidii mtu. "Ukurasa wa 94 una mvuto, wa 20 hauna" linampa mahali pa kushika. Sifa ya ukurasa wa 94 haikuwekwa kumfariji mwalimu, maana ndiyo kipimo atakachotumia kwa sura nyingine.

Barua hii ina mipaka. Haiahidi kuchapisha, na hilo lisemwe waziwazi ili mtu asitumie miezi akidhani mkataba upo. Mhariri pia asiandike upya aya za mwandishi kama mfano, kwani zitanakiliwa zilivyo na kitabu kitakuwa na sauti mbili. Na kama katika kurasa zote 180 hakupata hata tano zilizo hai, aandike barua fupi ya kukataa.

Muhtasari wa kurasa mbili ukifika, mhariri hutazama kwanza sura ya kwanza. Ikianza Kalenga siku ya kuanguka, mwalimu ameelewa. Ikianza na "Historia fupi ya ukoloni", ni wakati wa kumpigia simu kabla hajaandika ukurasa hata mmoja.