"Watu wanatazama bila sauti, weka maandishi": ukweli ni upi?

Anayeleta tangazo la video kuhaririwa siku hizi huja na agizo lilelile: bandika maandishi kila mahali, kwa sababu asilimia 85 ya watu hutazama bila sauti. Agizo lenyewe mara nyingi ni zuri. Sababu inayotolewa ndiyo mbovu, na humfanya mteja asome takwimu zake vibaya.

Dhana: Asilimia 85 hutazama kimya, kwa hiyo maandishi lazima yaongeze muda wa kutazama.

Namba hiyo ilienea Mei 2016, jarida la Digiday liliporipoti walichosema wachapishaji wachache wa Marekani kuhusu video zao za Facebook. LittleThings na Mic walitaja 85. PopSugar walisema kati ya 50 na 80. Wakati huo video za Facebook zilijianzisha zenyewe zikiwa bubu, na sekunde 3 zilitosha kuhesabiwa kuwa mtu ametazama. Namba hiyo basi ilibeba pia watu waliokuwa wakipitisha kidole tu. Mwaka 2017 Facebook ilianza kuwasha sauti ya video mtu anaposhuka kwenye ukurasa, isipokuwa simu ikiwa kimya. TikTok nayo hufunguka na sauti. Tafadhali tuache kuihamishia huko namba ya 2016.

Yenye uzito zaidi ni majaribio ya Facebook yenyewe ya mwaka huohuo kwenye matangazo: manukuu yaliongeza muda wa kutazama kwa wastani wa asilimia 12. Ongezeko hilo ni la kweli, ila lipime. Kama mtu hukaa sekunde 5 kwenye tangazo lako, asilimia 12 ni sekunde 0.6. Tena ni wastani: mtu anayeeleza jambo mbele ya kamera hupoteza maana yote akikosa sauti, kwa hiyo maandishi humwokoa. Chapati inayogeuzwa kwenye kikaango inaeleweka bila neno.

Sasa mtego wenyewe, ambao unanikera kuliko yote. Chukua mfano wa hesabu: video moja, matoleo mawili, kila moja limeanza kuchezwa mara 1,000. Bila maandishi, 300 wanavuka sekunde 3 na kukaa wastani wa sekunde 12. 700 waliobaki wanaondoka baada ya sekunde 1. Jumla ni sekunde 4,300. Kwenye toleo lenye maandishi, 400 wanavuka, wanakaa wastani wa sekunde 10, na 600 wanaondoka baada ya sekunde 1. Jumla ni 4,600.

Anayeangalia waliovuka sekunde 3 peke yao ataona 12 imeshuka hadi 10 na kuyalaani maandishi. Ukweli ni kwamba maandishi yamewabakiza watu 100 zaidi, ambao hamu yao ni ndogo kidogo, nao wameshusha wastani. Kwa kila mara video ilipoanza kuchezwa, muda umepanda kutoka sekunde 4.3 hadi 4.6. Septemba 2016 Facebook ilikiri kosa la namna hii: wastani wake wa muda wa kutazama uliacha nje waliokaa chini ya sekunde 3, hivyo ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kabla ya kulinganisha, uliza wastani umegawanywa kwa nani.

Jaribio la haki hufanywa kwa chombo cha majaribio ya A/B cha upande wa matangazo, kinachogawa watazamaji makundi mawili, ili mtu mmoja asione matoleo yote mawili. Bajeti, walengwa na siku ziwe sawa, maandishi pekee yatofautiane, na uliache wiki nzima. Kuposti toleo moja Jumatatu na jingine Ijumaa si jaribio.

Kisha soma mchoro wa kubaki kwa watazamaji, unaoonyesha wangapi bado wanatazama kila sekunde, mstari mmoja kwa kila toleo. Mistari miwili ikiachana ndani ya sekunde 3 za kwanza, sentensi ya mwanzo ndiyo iliyofanya kazi. Ikiachana baadaye, maandishi yanasaidia kuelewa. Toleo lenye maandishi likiporomoka mahali pamoja, nenda hapo uangalie: mara nyingi utakuta mistari miwili mirefu ya maandishi iliyopita haraka mno.

Dhana: Maneno matatu kwa sekunde yanasomeka.

Si kwa Kiswahili. "Hatutawarudishia pesa zao" ni maneno matatu, lakini ni herufi 25 ukihesabu na nafasi. Hesabu herufi: kama 15 kwa sekunde, hivyo hayo yanahitaji karibu sekunde 1.7.

Dhana: Manukuu ya otomatiki yanatosha.

Yapitie neno kwa neno, hasa majina, bei na namba za simu. Bei ikikosewa ndani ya picha, hakuna kurekebisha ila kupakia video upya.

Dhana: Maandishi yakae chini kabisa, kama kwenye filamu.

Kwenye video ya wima ya 1080 × 1920, chini ndipo panapokaa jina la akaunti na maelezo, na kulia vitufe. Acha theluthi nzima ya chini, uweke maandishi juu kidogo ya hapo, kisha uitazame kwenye simu, si kwenye kompyuta ya kuhariria.