Kusahihisha insha ya mwanafunzi si kuiandika upya

Nimeambiwa tena na mwalimu mwenzangu kwamba insha ya mgeni anayejifunza Kiswahili ikishasahihishwa vizuri husomeka kana kwamba imeandikwa na mzawa. Sikubaliani naye hata kidogo, na nitaonyesha sababu kwa kifungu nilichokitunga kwa kufuata makosa ninayokutana nayo darasani:

«Nilifika kwa babu jioni. Niliona babu katika kiti yake. Babu hakulisema. Nilikaa. Nilingoja. Alitazama mlango.»

Makosa ya wazi hayahitaji mjadala. «Kiti yake» iwe «kiti chake», na «niliona babu» iwe «nilimwona babu», kwa kuwa yambwa hapa ni mtu anayejulikana. «Hakulisema» iwe «hakusema», kwa sababu katika kukanusha wakati uliopita kiambishi -li- huondoka na nafasi yake kuchukuliwa na -ku-. Hata hivyo, kabla ya kulikata neno hilo ni lazima kusoma sentensi zilizotangulia: kama zingetaja jina au jambo ambalo babu alilificha, «hakulisema» lingekuwa sahihi kabisa, na -li- ingekuwa ya ngeli, si ya wakati.

Kalamu ingesimama hapo, lakini wengi wetu huendelea. Sentensi tatu za mwisho hugeuzwa kuwa «Nikakaa, nikangoja, naye akautazama mlango», na mwalimu huridhika kwamba sasa ni Kiswahili. Ilikuwa Kiswahili tangu mwanzo! Kurudia -li- si kosa la kisarufi. Kila tendo linasimama peke yake, na msomaji anausikia ukimya wa chumba kile. Kiambishi -ka- huyafunga matendo katika mfuatano, simulizi ikaenda mbio, na aliyetaka tungoje pamoja naye ananyang'anywa kungoja kwake. Vivyo hivyo «alitazama mlango»: mlango ni kitu, si mtu, kwa hiyo kiambishi cha yambwa hakilazimiki, na kukiongeza ni kudai kwamba ni mlango ule ambao msomaji tayari anaujua.

Ugumu uko hapa: pengine mwanafunzi hakuchagua -li-, bali hajui kutumia -ka-. Huwa naipitia insha nzima nikitafuta -ka- iliyotumika ipasavyo mahali pengine. Nikiiona, nauacha mtindo wake bila neno. Nisipoiona, naandika swali pambizoni, «Ulitaka matendo haya yafuatane haraka?», wala sigusi sentensi. Akijibu kwamba hakujua, namfundisha -ka- katika zoezi jingine na kumwachia yeye uamuzi wa kubadilisha. Wapo wanaoniona mlegevu kwa hilo, na kwa insha ya mtihani unaopima masimulizi wana hoja, kwani huko kutokuwapo kwa -ka- kunaweza kumpunguzia alama. Bado sijapata kanuni inayonitosheleza kwa insha za aina hiyo.