Mbwa mweupe, tumbo la pinki na jua la Mwanza

Dokta shikamoo. Mbwa wangu mweupe tumbo limekuwa jekundu lina vipele, nimempaka dawa ya ukurutu wiki ya tatu sasa hamna nafuu. Nipo Luchelele.

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujanunua chupa nyingine, mlaze huyo mbwa chali kivulini, nawa mikono, afu pitisha kidole taratibu juu ya tumbo lake huku umefumba macho. Mbwa wengi weupe chini ya manyoya wana ngozi ya pinki yenye madoa meusi au ya kijivu hapa na pale. We anza kwenye pinki, afu vuka uingie kwenye doa jeusi. Kama kwenye pinki ngozi imenenepa, imekaza, inakwaruza kama msasa, ila ukiingia tu kwenye doa jeusi hapo hapo pembeni unakuta pako laini kama sikio la mtoto wa mbwa, basi wa kumshuku kwanza ni jua. Mdudu wa ukurutu hachagui rangi, akila anakula pinki na nyeusi zote, ila jua linachagua, maana ile rangi nyeusi ya ngozi ndo mwavuli wenyewe.

Ukurutu pia unawasha vibaya sana, mbwa halali, anajikuna viwiko na kingo za masikio mpaka manyoya yanaisha, na mara nyingi watu wa nyumbani nao wanaanza kujikuna. Ngozi iliyoungua na jua mwanzoni inauma kuliko kuwasha, ukimgusa anakunja mgongo au anageuka kukutazama. Ila mbwa anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo mpeleke akakwanguliwe ngozi kidogo iangaliwe kwenye darubini, ni kazi ya dakika chache. Na tafadhali, kama kuna jirani kakushauri umpake oili chafu ya gari, mwambie asante na usimpake. Nshapokea mbwa aliyepakwa, ngozi iliyokuwa imeungua na jua ikaungua tena na oili, afu yeye akawa anailamba ikaingia tumboni.

Mbwa si ana manyoya jamani? Na tumboni jua linamfikiaje, kwani linatokea chini?

Ndiyo, linatokea chini pia! Miale inayounguza ngozi sio ile ya joto unayoihisi, ni mingine haionekani, na ikigonga mchanga au saruji sehemu yake inaruka inarudi juu. Mchanga mkavu wa ufukweni unarudisha kama asilimia 15, sa mbwa anayeshinda amesimama au anatembea ufukweni wakati dagaa wanaanikwa, tumbo lake linapigwa kutokea chini siku nzima. Afu tumbo na kinena ndo sehemu zenye manyoya machache kuliko zote, mbwa wa manyoya mafupi hapo ana vinywele vya kuhesabu, ngozi unaiona wazi.

Lakini kubwa zaidi ni mkao. Mbwa wa ulinzi anazunguka uani usiku kucha, asubuhi kibaridi cha ziwani bado kipo, anatafuta jiwe lililoanza kupata moto au zege la mbele ya geti, anajimwaga ubavu au chali miguu juu, na usingizi ukimkolea anaamka saa saba mchana. Kwetu hapa tuko kama nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua la mchana ni kali mwaka mzima, hamna msimu ambao ngozi inapumzika. Upepo wa ziwa ndo unatudanganya, unapoza mwili unaona hali nzuri kumbe ngozi inapikwa. Mawingu mepesi nayo hayazuii sana.

Wanaoumia zaidi ni weupe wenye manyoya mafupi, hasa machotara wa pitibuli na bulteria ambao siku hizi wamejaa mjini, na hawa wa kienyeji weupe au wenye mabaka. Mbali na tumbo angalia juu ya pua, kingo za macho na ncha za masikio. (Paka mweupe ni hivyo hivyo, yeye masikio na pua ndo yanaanza.)

Kutoka kuungua mpaka iwe kansa inachukua muda gani, na nitajuaje imefika huko?

Inachukua miaka, na ndo maana watu hawaunganishi. Ngoja nikuelezee mbwa mmoja niliyemshika mwenyewe, tumwite Bosi, dume mweupe chotara wa pitibuli, ana baka la kahawia jicho moja, nyumba ina zege kubwa mbele. Alipoletwa mara ya kwanza alikuwa na miaka mitatu, tumbo jekundu lenye magamba kama mba. Alipewa dawa akatulia, akarudi kwenye zege lake. Alipofika minne ngozi ya kinena ilikuwa imeshakuwa nene, ina chunusi nyeusi nyingi na vijipu vinavyotoa maji ya damu, akapewa antibayotiki, ikapendeza wiki mbili tatu, ikarudi, akapewa tena, ikarudi tena. Hapo ndo watu wengi wanakwama, wanasema dawa ni feki. Dawa inaua bakteria walioingia kwenye ngozi iliyoharibika, ila haigusi kilichoiharibu ngozi, na kwa Bosi kilikuwa kinamsubiri getini kila asubuhi.

Kitu kimoja nilichelewa kukiona na nakiri, ubavu wake wa kushoto ulikuwa mbaya kuliko wa kulia. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, huyu analalaje? Akasema kila siku analalia kulia, kichwa kinatazama barabarani. Basi, jibu lilikuwa hapo.

Alipofika miaka sita, karibu na kinena cha kushoto palikuwa na sehemu imeinuka, ukubwa wa shilingi mia, gaga gumu juu, gaga likitoka chini kuna kidonda chenye kingo ngumu, kinavuja damu, na kilikuwa hakijapona zaidi ya mwezi. Hiyo ndo alama ya kukutoa nyumbani mbio: kidonda kwenye ngozi ya pinki ambacho kimepita wiki tatu nne hakifungi, kingo zake ngumu. Kwa macho tu hata mi siwezi kusema ni kansa au ngozi iliyo njiani kuelekea huko. Tukakata kipande cha ukubwa wa punje ya haragwe, sio katikati ya kidonda maana pale kuna uozo tu, tunakata pembeni panapokutana ngozi mbovu na nzima, kinawekwa kwenye formalini mara kumi ya ujazo wake, kinaenda kusomwa maabara. Majibu yakaja, kansa ya ngozi ya juu.

Kabla ya kumpasua tulipapasa mitoki ya kinena na tukampiga eksirei ya kifua, kwa sababu kansa hii inapenda kwanza kuchimba hapo hapo ilipo, kusambaa huwa inachelewa, ila ikisambaa inapita kwenye mitoki hiyo. Bosi alikuwa safi. Akapigwa nusu kaputi, uvimbe ukatolewa pamoja na ngozi inayoonekana nzima karibu sentimita 2 kuzunguka pande zote, na kipande kikarudishwa maabara kuhakikisha kingo hazina kansa. Hazikuwa nayo.

Ila hakuponyeka moja kwa moja. Mwaka uliofuata kikaota kingine, sentimita chache pembeni. Sio kile cha kwanza kilichorudi, ni ngozi yote ya eneo lile ilikuwa imeshakula jua la miaka, na kila sehemu ina saa yake. Ndo maana yule mama sasa anampapasa tumbo kila Jumapili, akikuta kigumu kipya ananitumia picha siku hiyo hiyo. Na cha kutia moyo, yale magamba mekundu ya mwanzo ambayo hayajawa kansa yamepungua sana tangu mbwa ahamishwe kwenye zege.

Wangu ana vidude vidogo vya zambarau tumboni kama matone ya damu, navyo ni jua?

Inawezekana kabisa kaka. Jua likiharibu mishipa midogo ya damu ya ngozi vinaota vivimbe vyekundu au vya zambarau, vingine ni vya kawaida visivyo na madhara makubwa na vingine ni kansa, na kwa nje vinafanana. Usikitumbue, kitavuja damu nyingi kuliko unavyodhani. Vitolewe na vipimwe.

Sa hivi analia maumivu, nyumbani nina panadol, ibuprofeni na diklofenaki. Nimpe ipi?

Hakuna hata moja. Ibuprofeni na diklofenaki zinamtoboa mbwa tumbo na kuua figo, panadol ukizidisha kidogo inaharibu ini na damu. Mwingize kivulini, chukua kitambaa kisafi, kichovye maji ya baridi ya kawaida, sio barafu, mwekee juu ya sehemu iliyoungua dakika kumi kumi mara kadhaa kwa siku. Usipake mafuta ya kula wala mafuta ya mgando. Kama kuna malengelenge, usaha, au hataki kula, mpeleke leo, daktari anaweza kumpa prednisoloni kwa muda mfupi kupunguza uvimbe, na hiyo inapunguzwa taratibu, haikatwi ghafla.

Nimpake losheni ya jua ya mwanangu?

Geuza chupa usome kwanza. Ikiwa na zinki oksaidi au kitu cha jamii ya salisileti weka chini, mbwa atalamba, na zinki ikizidi mwilini inavunja chembe za damu. Losheni za mbwa zipo ila kuzipata hapa mjini ni shughuli, na ukiipata umzuie kulamba kama dakika 15 afu urudie kila baada ya saa chache, wangapi mtafanya hivyo kweli?

Mi nashauri fulana. Nunua mtumba wa mtoto, pamba, rangi ya kung'aa, miguu ya mbele iingie kwenye mikono, afu ule upana uliobaki uvute juu ufunge fundo mgongoni ili tumbo lifunikwe vizuri (dume uache nafasi ya kukojoa). Inyooshe kwanza kwenye mwanga na uweke mkono nyuma yake, ukiona vidole vyako, jua nalo linapita, tafuta nyingine nzito kidogo. Ikilowa ivue, maana iliyolowa inapitisha miale zaidi na inamletea fangasi, na usiku ivue pia. Akihema sana ulimi nje, ivue umpeleke kivulini. Afu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni mfungie geti la upande wenye zege, umtandikie gunia chini ya mwembe au kibarazani, na liwe nene, kwa sababu kinachompeleka kwenye zege ni baridi ya asubuhi, ukimpa sehemu yenye joto ambayo haina jua hatahangaika kurudi kule.