Kiwanja kimepanda bei, lakini gawio liko wapi?

“Kiwanja chetu cha Mikindani tulikinunua milioni 40, mthamini kasema sasa ni milioni 100. Si tumepata faida ya milioni 60? Tugawane gawio.”

Angalieni kwanza akaunti ya benki. Salio ni lile lile la jana, kwa sababu hakuna aliyenunua kitu. Kilichobadilika ni mizania: ardhi inadebitiwa milioni 60, na kiasi hicho hicho kinakreditiwa kwenye ziada ya uthamini, ndani ya mtaji wa wanahisa. Kwenye hesabu ya faida na hasara haikanyagi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 16, kinaipitisha kwenye mapato mengine jumuishi, yaani yale yaliyo nje ya faida ya mwaka.

Ziada hiyo ni kama mto wa kuangukia. Bei za Mtwara zikilegea na kiwanja kithaminiwe milioni 90, milioni 10 zinakatwa humo, si kwenye faida. Kikiporomoka hadi 30, ziada yote inaisha, na milioni 10 zilizo chini ya bei ya kununulia ndizo zinazoandikwa hasara.

Sasa tuseme mnakiuza milioni 105 kikiwa vitabuni kwa 100. Faida ya mauzo ni milioni 5 tu (hapa wengi hubisha). Zile 60 huhamishiwa moja kwa moja kwenye faida iliyolimbikizwa, bila kupita kwenye faida ya mwaka. Hapo ndipo mazungumzo ya gawio yanapoanza, na fedha ya kulilipa ipo.