Kwa nini usipolala vizuri kesho yake neno dogo linakuwasha?

Nikilala masaa manne tu, siku inayofuata nakasirika hovyo. Shida ni nini hasa?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kustuka mapema ikihisi hatari. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo huituliza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwapima watu kwa mashine ya MRI huku wakiwaonyesha picha za kutisha na kuchukiza. Kwa waliokuwa macho karibu masaa 35, amigdala ilistuka takriban asilimia 60 zaidi kuliko kwa waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele yalikuwa yamelegea. Yaani mstuko umepanda, na breki nazo zimechoka.

Mimi sikeshi, napunguza tu masaa mawili ya alfajiri. Hayo nayo yana neno?

Yanalo. Usingizi mzito hujazana mwanzoni mwa usiku, na usingizi wa ndoto huongezeka kadiri kunavyokaribia kucha. Ukikata alfajiri, unakata zaidi huo wa ndoto. Katika usingizi huo kemikali ya mstuko, noradrenalini, hushuka sana ubongoni, na watafiti wengi wanaona hapo ndipo machungu ya jana hupozwa.

Nitajuaje kama ni usingizi au kweli nimekosewa?

Angalia kasi. Tuseme mkuu wako wa kazi ameandika, "Njoo tuongee." Uliyelala vizuri unajiuliza kuna nini. Usiyelala moyo unadunda, tayari unajua umeandamwa, na vidole vinaandika jibu kali. Maana ya pili haikupata hata nafasi ya kukujia. Nyuso za kawaida nazo huonekana kama zimekununia.

Usitume. Andika maana nyingine mbili za ujumbe ule, halafu rudi kwenye jibu lako baadaye. Ukipata nafasi, lala dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri. Ukizidisha dakika hizo unaweza kuamka na uzito kichwani. Uamuzi mkubwa, kama kuacha kazi au kuvunja uhusiano, uahirishe hadi ulale usiku mzima.

Si ninywe kahawa tu?

Kahawa inaficha usingizi, hailipi deni lake. Tena ya saa kumi jioni, kwa watu wengi karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu usiku, kwa hiyo inakuandalia kesho nyingine kama ya leo.

Nikilala vya kutosha na hasira ikabaki?

Ikibaki baada ya wiki mbili za kulala masaa saba au zaidi, muone daktari. Muone mapema kama unakoroma na kukabwa pumzi usingizini. Na kama unalala masaa machache siku kadhaa mfululizo, huchoki, na mawazo yanakimbia, usingoje: hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa akili unaotibika.